Ikisiri ya tasnifu kutoka sura mbili

Mwanafunzi wa uzamili jijini Kampala aliniletea sura ya kwanza na ya tano za tasnifu yake akaniomba nimwandikie ikisiri. Sura za katikati zilikuwa bado kwa msimamizi, na idara ilitaka ikisiri mapema. Alikuwa amechunguza makosa ya upatanisho wa kisarufi katika insha za Kiswahili za wanafunzi wa kidato cha pili, Mukono, ambao wengi wao lugha yao ya kwanza ni Luganda.

Nilianza na sura ya tano. Hitimisho husema kilichopatikana, ilhali utangulizi mara nyingi ni pendekezo la utafiti ambalo halikusafishwa, na dalili yake ni wakati ujao. Huu wake ulisema "utafiti utahusisha shule tatu na wanafunzi 120". Ukizihamishia namba hizo kwenye ikisiri ukabadilisha tu "utahusisha" kuwa "ulihusisha", umeandika jambo ambalo pengine halikutokea. Na kweli, hitimisho lilitaja "shule zote mbili". Malengo nayo yalikuwa matatu, lakini niliposoma hitimisho nikiyatafuta moja baada ya jingine, la tatu, kuhusu mbinu za walimu za kusahihisha, halikuwa na jibu popote.

Ukomo wa idara ulikuwa maneno 250. Niliyagawa hivi: tatizo 50, lengo 30, mbinu 50, matokeo 90, hitimisho na pendekezo 30. Matokeo hupewa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo anayoyatafuta msomaji, ingawa wanafunzi wengi hujaza nusu ya ikisiri kwa usuli, hasa kama sura waliyo nayo mkononi ni ya kwanza. Tatizo na lengo niliviandika bila shida. Kwenye mbinu niliacha mabano matupu: "Data ilitokana na insha [idadi] za wanafunzi wa shule [mbili?]". Hitimisho lilisema makosa "mengi" yalihusu nomino za viumbe hai, nami nikaliacha neno hilo lilivyo, maana hakuna asilimia inayoweza kuzaliwa kutokana na "mengi".

Sentensi iliyonisumbua zaidi ilikuwa hii ya hitimisho: "Wanafunzi huandika *mbwa inauma* kwa sababu ya athari ya Luganda." Kwa mtazamo wa kwanza inaingia akilini. Luganda husema *embwa eruma*, kitenzi kikifuata umbo la nomino, wakati Kiswahili sanifu huvipa viumbe hai upatanisho wa *a-* na *wa-* hata nomino ikiwa ya ngeli nyingine. Lakini *mbwa inauma* utalisikia pia kwa wajifunzaji ambao hawajui Luganda kabisa. Ili kudai kwamba chanzo ni Luganda, lazima kuwe na kundi la kulinganisha, na kama lilikuwepo, basi lilikuwa katika sura ya nne, ambayo sikuwa nayo.

Nikampigia. "Dada, shule zilikuwa ngapi, na insha ngapi? Lengo la tatu limekwenda wapi? Na je, kuna mwanafunzi asiyejua Luganda uliyemlinganisha nao?"

"Shule mbili, Mwalimu, insha 84. La tatu msimamizi aliliondoa." Kisha akafungua rasimu yake. "Wapo Waacholi wachache. Nao waliandika hivyohivyo."

Kiacholi hakina ngeli za nomino kama za Kibantu, kwa hiyo jibu hilo lilibadilisha ikisiri. Sentensi ya chanzo ikawa: "Makosa haya yanaafikiana na mfumo wa Luganda, lakini yalijitokeza pia kwa wasiozungumza lugha hiyo, hivyo hayawezi kuelezwa kwa athari ya lugha ya kwanza peke yake." Nilimsihi arekebishe na hitimisho lenyewe, na kufuta lengo la tatu katika utangulizi, kwa sababu mtahini husoma ikisiri kisha hufungua sura hizo hizo mbili.

Maneno msingi tuliyachagua pamoja, matano. Yeye alipendekeza "Kiswahili", "elimu", "Luganda", "makosa" na "Uganda". "Elimu" na "makosa" peke yake humletea mtafutaji rundo la kazi zisizohusiana. "Kiswahili" na "Luganda" tayari vilikuwa kwenye anwani, ambayo katalogi za maktaba huitafuta pia, kwa hiyo kuvirudia kungepoteza nafasi mbili. Tukaweka "uchanganuzi makosa", "ngeli za nomino", "viumbe hai", "ujifunzaji wa lugha ya pili" na "Uganda", ambalo anwani haikulitaja. Kila moja nililitafuta ndani ya ikisiri; "ujifunzaji wa lugha ya pili" halikuwemo, nikaliingiza katika sentensi ya lengo, na jumla ikawa maneno 247.