Wiki tatu za kulishika tangazo shikashika

Dada mmoja mwenye duka la viatu vya shule Kariakoo alinipa nimsimamie matangazo yake ya Facebook. Nikafungua seti tatu za matangazo, kila moja shilingi 20,000 kwa siku, na madau ya kugombea nafasi ya tangazo nikauachia mfumo upange wenyewe. Tulikubaliana gharama ya kupata oda moja ikae kwenye 8,000 hivi.

Seti ya kwanza ilileta oda moja siku ya kwanza. Siku ya pili, sifuri. Usiku simu ikaita: "Kaka, hela yangu si inaliwa bure hii?" Nikaongeza tangazo lenye picha mpya. Siku ya tatu zikaingia oda tano, na mimi kwa furaha nikapandisha bajeti mara mbili. Kesho yake zikakata. Wiki tatu nilicheza mchezo huo, na safu ya Delivery, inayoonyesha hali ya tangazo, bado imeandika Learning, yaani mfumo bado unajifunza.

Facebook wanaeleza kwamba seti huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki moja baada ya badiliko kubwa la mwisho ndipo itulie. Kabla ya hapo mfumo unapapasa: unajaribu watu hawa, saa zile, sehemu ile. Kuongeza tangazo jipya ni badiliko kubwa, na kupandisha bajeti kwa kishindo vilevile. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikiurudisha mwanzo.

Tena hata ningetulia, 20,000 kwa oda za 8,000 ni oda mbili na nusu kwa siku, yaani 17 au 18 kwa wiki. Hamsini zingetoka wapi? Na kwa wastani mdogo hivyo, siku ya sifuri hujitokea yenyewe kama mara moja katika siku 12, na siku ya oda tano au zaidi kama mara moja katika siku tisa, bila tangazo kubadilika chochote. Nilipaniki kwa bahati mbaya, nikashangilia bahati nzuri.

Nikaziunganisha seti zote tatu kuwa moja ya 60,000. Nikanunua kiatu kimoja mwenyewe kuhakikisha kiungo kinafunguka na oda inahesabiwa mara moja tu, kwa sababu kasoro ya namna hiyo haiponi kwa kusubiri. Kisha nikatoa mikono.

Siku ya tatu dada akaandika: "Tatu tu?" Nikamwomba tuiangalie tena Alhamisi. Oda huandikwa siku tangazo lilipoonekana, siyo siku mteja alipolipa, na wazazi wengi hubofya leo wakalipa keshokutwa. Alhamisi ile siku ya tatu ilikuwa inasoma tano. Wiki ilifungwa na oda 52 kwa 420,000, siku moja nne, nyingine 11. Neno Learning likaondoka, na nikamtumia picha ya skrini kabla hajapiga simu.