Kumbukumbu ya mradi: jina la jukwaani, kutoka Balozi hadi Katibu

Mhusika ninaye tayari: mtu wa vikao, anayetaka hata chai ya msibani ipitishwe kwa utaratibu. Kinachokosekana ni jina. Nataka mshereheshaji akilitaja tu, ukumbi uwe umeshamjua huyu mtu kabla sijashika maiki.

Nimeyapima majina ya wachekeshaji wakubwa. Amri Athumani wa Tanga alijiita Majuto, na ukilisikia unajua kuna jambo litamkuta mtu. Benson Wanjau wa Kenya akawa Mzee Ojwang': umri, kwao na lafudhi, vyote vimo humo. Hakuna aliyejiita Vunja Mbavu. Jina la kujisifia kuchekesha ni deni, watu wanakunja mikono wakisubiri ulipe. Bora litaje ugonjwa wa mhusika, likomee hapo.

Nilianza na Balozi, yule wa nyumba kumi. Vijana wakawaza balozi wa kampuni ya simu, wakatazamia suti na miwani. Nikajaribu Mjumbe Mhuri. Ukumbi ukachangamka, lakini mtu wa nyuma akapaza sauti, "Wajumbe si watu wazuri!", ule msemo uliotapakaa baada ya kura za maoni za CCM mwaka 2020. Watu hoi kwa kicheko. Nilipofika kwenye maiki wao walikuwa wanasubiri siasa, mimi nimebeba kikao cha msiba. Jina lililokosea linajulikana hivyo: wanacheka ukiwa unapanda, kisha utani wa kwanza unadoda.

Sasa hivi ni Katibu Yatokanayo. Aliyewahi kukaa kamati ya harusi anamfahamu, na nani hajakaa? Linatamkika vizuri pia, mshereheshaji anaweza kuivuta ile "naa" mpaka nifike. Naanza hivi: "Ndugu wajumbe, akidi imetimia?" Nanyamaza, nawahesabu kwa ncha ya kalamu kuanzia meza ya mbele, na mwenye simu sikioni namwandika "hudhurio la nusu". Kwa jina la Balozi mstari huohuo ulihitaji kwanza nieleze mimi ni nani, na maelezo yakipita kicheko kimeshapoa.

Faida nyingine sikuitegemea. Nafungua daftari, nasema "Yatokanayo na kikao kilichopita", halafu nausoma utani wa aliyenitangulia kwa sauti kavu ya muhtasari: "Mjumbe alieleza kwamba mkewe hamwelewi. Kikao kilipokea."

Gharama yake ni kwamba Katibu hachezi wala haimbi. Kile kipande changu cha bodaboda, chenye kuruka na milio ya honi, nimekitoa ingawa kilikuwa kinalipa. Katibu akiruka mara moja, hakuna atakayemwamini akirudi kwenye ajenda.

Kilichobaki ni mshereheshaji. Ana tabia ya kusema "mchekeshaji wetu matata" kwanza, na hapo kazi yote ya jina inaharibika. Nimemwandikia kikaratasi: "Kwa idhini ya mwenyekiti, namkaribisha Katibu Yatokanayo." Asiongeze kitu.