Mteja wangu wa Jumamosi aliyekuwa akighairi Ijumaa usiku

Nasuka nyumbani kwangu, Sinza. Mteja ninayemzungumzia ni mama wa makamo, mfanyakazi wa ofisini, ananiita mwanangu, na wateja wangu kadhaa, akiwemo binti yake, kaniletea yeye. Anapenda rasta ndogo ndogo, kazi inayokula saa sita hadi saba hata tukiwa wawili. Kwa hiyo akichukua Jumamosi, kachukua siku nzima.

Shida ni kwamba Ijumaa usiku simu inaita mlio wa ujumbe: "Mwanangu kesho nimebanwa, tufanye wiki ijayo." Wiki ijayo ikifika, yale yale. Saa hizo wateja wengine nimeshawakatalia, na dada anayenisaidia nimeshamwita. Yeye namlipa 15,000 kwa siku, na nauli yake natoa mimi.

Usiku wa ujumbe kama huo nilikuwa najibu "Sawa mama, pole na majukumu" na kuishia hapo. Hiyo si saa ya kuandika zaidi. Hasira inaonekana hata ukiweka salamu tatu, na yeye anakuwa na jambo lake linalomkimbiza. Nilisubiri mpaka alipoulizia nafasi mwenyewe, maana hapo ndipo anapohitaji kitu kwangu na hakuna aliyekasirika.

Kabla ya kuandika nilipitia mazungumzo yetu ya nyuma kwenye simu. Alichoghairi karibu chote kilikuwa Jumamosi: kikao cha harusi, vikoba, msiba, mgeni kutoka mkoani. Mama wa umri wake Jumamosi si yake. Kumbe kumdai pesa tu kusingetosha, ilibidi siku yenyewe ibadilike.

Rasimu ya kwanza nilifuta maneno mengi. "Tena" ilitoka, "kila mara" ikatoka, na "utaratibu wangu mpya ni" nayo ikatoka, kwa sababu mtu mzima hasomewi utaratibu na mtoto. Nikabakisha hivi:

"Shikamoo mama. Poleni na mgonjwa, naamini anaendelea vizuri. Nafasi ipo, ila naomba tuelewane jambo moja kabla sijakuandika. Jumamosi nikikuwekea simchukui mtu mwingine, na dada wa kunisaidia anakuwa ameshakuja, namlipa hata kama hatujasuka. Naona Jumamosi zako zina mambo mengi, kwa hiyo chagua lililo rahisi kwako. Jumanne ukitoka kazini, saa 11 jioni, nikuwekee wasusi watatu, saa 3 usiku umemaliza, itakuwa 75,000. Au Jumamosi kama kawaida kwa 60,000, ila utangulize 20,000. Ukiniambia kabla ya Alhamisi jioni, hiyo pesa inahamia siku nyingine. Baada ya hapo inakuwa ya dada na nauli yake. Msiba hauhesabiwi."

Ile 20,000 sikuibuni. Ni malipo ya msaidizi na nauli yake, basi. Ningeandika 30,000 ingekuwa faini, na faini mtu huibishia. Pesa yenye mwenyewe anayejulikana ni ngumu kuibishia, hasa mwenyewe akiwa binti anayekusuka. Na msiba niliutaja mapema mwenyewe ili asije akalazimika kunieleza nani kafa. Siulizi ushahidi. Anayesingizia msiba ili aokoe 20,000 namwachia yeye na mdomo wake.

Niliandika badala ya kutuma sauti, ili masharti ayaone tena akitaka. Yeye akajibu kwa sauti, akicheka: "Wewe mtoto umekuwa mfanyabiashara. Haya, Jumamosi." Advansi ikaingia kwenye M-Pesa jioni ile.

Alighairi tena, ndiyo, baada ya miezi kadhaa, Ijumaa usiku kama zamani. Hapa ndipo wengi wetu tunalegea, tunarudisha pesa kwa aibu, na yote yaliyoandikwa yanakufa. Nilimwandikia: "Pole na majukumu mama. Ile advansi nampa dada kesho kama tulivyoelewana. Nikuwekee Jumanne?" Sikuomba radhi wala kueleza upya. Alikaa kimya mpaka kesho yake mchana, na nakiri tumbo liliniuma. Kisha akaandika: "Jumanne sawa."

Tangu hapo ni mtu wa Jumanne. Wasusi watatu wananiachia faida ndogo kuliko wawili, lakini Jumamosi yangu nasuka mwingine.

Kuna mteja mwingine niliyemwandikia karibu maneno hayo hayo. Alisema atatuma advansi, hakutuma, Ijumaa akauliza kama nafasi bado ipo. Huyo sikumwandikia barua ya pili. Akiomba Jumamosi namjibu imejaa, akija siku ya kati bila miadi na mimi nina nafasi, namsuka, tunapiga soga kama zamani.