Nilivyotengeneza jedwali la kusahihishia masimulizi ya wazee

Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, wilayani Chamwino, walikuwa wanakwenda kuwahoji wazee kuhusu kuhamia vijiji vya ujamaa. Jedwali la vigezo nililiandaa kabla hawajatoka. Kazi ya namna hii ukiisahihisha bila vigezo, anayeshinda ni yule aliyebahatika kumpata mzee msimuliaji.

Niligawa alama 20. Maandalizi na ridhaa ya mzee yalipata 4, kuuliza na kusikiliza 6, kulinganisha ushahidi 6, uandishi 4. Urefu wa mahojiano sikuupa kitu.

Kigezo cha kuuliza ndicho kilichonichelewesha. "Anauliza maswali mazuri" haisahihishiki, maana kila mwalimu ana mazuri yake. Nikaandika kinachosikika kwenye rekodi: alama 1 hadi 2 kwa anayesoma maswali ya daftarini moja baada ya jingine, 3 hadi 4 kwa anayeuliza swali lililozaliwa na jibu la mzee, 5 hadi 6 kwa ambaye swali lake la namna hiyo limetoa jambo jipya. Mwanafunzi anataja dakika ya rekodi lilipo, nami naenda moja kwa moja pale.

Katika kulinganisha ushahidi, sikutaka mtoto akatwe alama kwa sababu mzee amechanganya miaka. Mzee mmoja aliwaambia wanafunzi wawili, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba walihamishwa "wakati ule Dodoma inafanywa makao makuu". Wa kwanza akaandika 1973, mwaka wa uamuzi huo, akafunga daftari. Wa pili akauliza: "Babu, mliposikia tangazo hilo mlikuwa mmeshajenga hapa, au bado mko kule kwenu?" Mzee akafikiri, akajibu: "Tulishajenga. Hata kulima tulishalima." Binti akarudi kitabuni akaona Operesheni Dodoma, ile ya kuwahamishia watu vijiji vya ujamaa mkoani Dodoma, ilianza mapema zaidi, kama 1971, ndipo akaandika kwamba mzee ameyaweka pamoja matukio mawili yaliyofuatana. Wa kwanza alipata 2 kati ya 6, wa pili 6. Maneno ya mzee binti huyo hakuyafuta. Aliyanukuu yalivyo na kuweka maelezo yake chini.

Kabla ya kulitumia, mimi na mwalimu mwenzangu tulisahihisha rekodi ileile, kila mtu kivyake. Penye tofauti ya alama 2 au zaidi kwenye kigezo kimoja, tulirekebisha maneno ya kigezo hicho kwanza.

Kuna jambo jedwali halijalimaliza. Wazee wengi husimulia kwa Kigogo, na mtoto asiyekijua huenda na mkalimani. Swali la papo kwa papo hapo huchelewa, pengine hupotea kabisa. Kwa sasa nampima kwa swali alilomwambia mkalimani, mradi lisikike kwenye rekodi, lakini bado mwenye Kigogo chake anamtangulia.