Faharasa ya Kirusi, watafsiri wanne na trekta moja

Nianze na ushauri mbovu, maana bado unaniuma. Mtaalamu mmoja, mtu wa semina nyingi, aliniambia tusiguse hata sentensi moja mpaka tumalize faharasa ya istilahi elfu tano. Mimi nina miongozo ya matengenezo ya matrekta mezani, Kirusi kwenda Kiswahili, kurasa zinazojaza kabati, na mteja anapiga simu kila Ijumaa. Tulikuwa wanne: mimi na mwenzangu Dar, dada mmoja Arusha na kijana mmoja Nairobi. Tulijaribu njia yake kwa muda. Tukajikuta tunaandika kwa makini kwamba болт ni bolti na насос ni pampu. Nani alikuwa hajui?

Faharasa ni ya maneno ambayo watu wawili wenye akili timamu watayatafsiri tofauti. Mengine acha, yatajitafsiri.

Basi nikaigeuza kazi. Badala ya kuanza na maneno, nilianza na sentensi zinazojirudia, kwa sababu mwongozo wa trekta ni kitabu cha mtu anayesema jambo lilelile mara mia: ondoa kifuniko, kaza nati, angalia kiwango cha oili. Nilihifadhi matini yote kwenye faili moja, sentensi moja kila mstari, nikaipitisha kwenye amri hii inayohesabu marudio:

```
sort sentensi.txt | uniq -c | sort -rn | head -200
```

Zile zilizokuja juu nilizitafsiri mwenyewe kabla ya kumgawia mtu sura yoyote. Sababu ni hii: OmegaT, programu ya kusaidia watafsiri tuliyotumia, ikiona sentensi imeshatafsiriwa mahali pamoja, inaijaza yenyewe kila inapojirudia. Maana yake atakayeifikia kwanza ndiye anayewaamulia wote. Afadhali mwamuzi huyo awe mtu mmoja aliyetulia kuliko yeyote aliyewahi kuamka siku hiyo. Na humohumo kwenye zile sentensi mia mbili ndimo nilimopata istilahi zilizohitaji kujadiliwa. Hazikufika elfu tano, wala hazikukaribia.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa муфта. Mwenzangu wa Dar aliandika kiunganishi, dada wa Arusha akaandika kapulingi, kijana wa Nairobi akaandika klachi, na kila mmoja alikuwa na sentensi ya kumtetea. Kwa kweli wote walikuwa na sababu, maana Kirusi kinatumia neno hilo kwa chochote kinachounganisha shafti mbili, halafu kikiongeza neno сцепления kinakuwa kitu kingine kabisa. Nikaenda gereji ya jirani na picha za michoro kwenye simu. Mzee wa pale alitazama, akafuta mikono, akasema, "Mwanangu, hii ni klachi. Ukimwandikia fundi kiunganishi, atatafuta waya." Mistari iliyotoka hapo ni hii, safu zimetenganishwa kwa kitufe cha Tab:

```
муфта	kapulingi	ikiwa peke yake
муфта сцепления	klachi	SI kiunganishi (gereji)
сцепление	klachi	kitu kilekile, jina fupi
```

Safu ya tatu ndiyo iliyotuokoa. Wengi huiacha wazi. Sisi tuliandika humo nani alisema, na neno gani limekatazwa. Mtafsiri akiona tu "klachi" atabisha, lakini akiona limekatazwa nini na limetoka gereji, anaendelea na kazi. Tulikubaliana pia kwamba kila mtu anaweza kupendekeza mstari lakini mmoja tu, yaani mimi, ndiye anayeuingiza kwenye faili. Kijana wa Nairobi aliita huo udikteta. Sikubisha.

Sasa nije kwenye sehemu ninayopenda kusimulia. Faharasa ikawa inafanya kazi kwa maneno mengine na kunyamaza kwa mengine, na yaliyonyamaza yalikuwa ndiyo yanayobeba kitabu: поршень (pistoni), палец (pini), ремень (mkanda), гайка (nati). Yamo kwenye faharasa, yameandikwa sawasawa, lakini kwenye sentensi programu haiyaonyeshi. Mwenzangu alishaanza kulaumu kompyuta yake.

Kirusi hubadilisha miisho ya nomino kufuatana na kazi yake katika sentensi, na OmegaT inalijua hilo: inakata mwisho wa neno na kulinganisha mashina. Kwa hiyo муфты na муфтой zote zinakuja kwa муфта bila shida. Lakini kuna maneno ambayo irabu ya ndani inatoka yakibadilika: поршень inakuwa поршня, палец inakuwa пальца, ремень inakuwa ремня. Mengine ni kinyume, irabu inaingia: гайка, na nati zikiwa nyingi unasoma гаек. Programu inakata mwisho tu, haijui kwamba kitu kimechomoka katikati, basi inabaki na mashina mawili yasiyofanana na inaona ni maneno tofauti. Dawa yake ni ya kijinga lakini inatosha: unaongeza mstari wa pili wenye umbo lililobadilika.

```
палец	pini	поршневой палец = pini ya pistoni
пальцы	pini	umbo la pili
```

Umbo hilo moja linavuta ndugu zake wote, kwa sababu wanashiriki shina la pili. Ukitaka kujua ni maneno gani yanahitaji hivyo, tazama nomino zako zenye е au о kabla ya konsonanti ya mwisho, na zile za -ка. Si zote, lakini wahalifu wengi wako hapo.

Halafu ikaja herufi moja iliyotutesa kuliko yote. Dada wa Arusha alinipigia: "Kaka, hii sentensi niliitafsiri jana. Mbona leo inaniletea asilimia 75 badala ya kujijaza?" Akanitumia picha ya skrini. Sentensi mbili, `Снимите крышку с фильтра.`, ondoa kifuniko kwenye chujio, zinafanana kama mapacha. Nikamwambia labda kuna nafasi iliyozidi. Hakuna. Nukta? Ileile. Lakini ukitazama sehemu ya mifanano, programu ilikuwa imepaka rangi neno moja tu: ile с ya katikati. Maneno manne, moja tofauti, ndiyo hiyo asilimia 75.

Nilinakili herufi zile mbili kwenye kitafuta herufi cha mtandaoni. Moja ni U+0441, с ya Kirusi. Nyingine ni U+0063, c yetu ya kawaida, ile ya "cheka". Mwongozo ulikuwa umepigwa picha kutoka karatasini na programu ya kusoma maandishi, ambayo ilipoona herufi zinazofanana ikajichagulia yoyote. Jicho haliwezi kuona. Kumbukumbu ya tafsiri, yaani hazina ambamo programu inaweka kila sentensi pamoja na tafsiri yake, inaona, na inakataa.

Nikafurahi vibaya sana, nakiri, maana hapo ndipo nilipojiona fundi. Kwanza niliwinda maneno yaliyochanganya alfabeti mbili ndani yake:

```
grep -nP '[A-Za-z][А-Яа-яЁё]|[А-Яа-яЁё][A-Za-z]' source/*.txt
```

Yalitoka kama siafu. Lakini amri hiyo haikamati с iliyosimama peke yake, wala neno ambalo herufi zake zote zina pacha wa Kilatini. Lipo neno la namna hiyo, na ni istilahi muhimu kwenye miongozo: ресурс, muda ambao sehemu inatakiwa kufanya kazi kabla ya kuchoka. Linaweza kuandikwa lote kwa herufi zetu, `pecypc`, na hakuna mtu atakayegundua. Kwa hiyo baada ya kusafisha mchanganyiko, niliomba orodha ya kila kilichobaki kwa herufi za Kilatini:

```
grep -ohP '[A-Za-z]+' source/*.txt | sort | uniq -c | sort -rn
```

Kwenye matini ya Kirusi orodha hiyo inatakiwa kuwa fupi, namba za modeli na vipimo tu. Yetu ilianza na `c`, kwa mbali, ikifuatwa na `o` na `a`. Hayo ndiyo maneno madogo yanayounganisha sentensi, yako kila mahali, na kila moja lilikuwa linavunja mfanano kimyakimya. Tahadhari moja: usibadilishe yote kwa mkupuo. Orodha hiyohiyo ina vipimo na alama halali za Kilatini, na ukivigeuza kuwa Kirusi fundi atatafuta skrubu isiyokuwepo.

Kazi hii ifanye mapema. Sisi tulikuwa tumeshatafsiri sura kadhaa, na tuliposafisha matini, tafsiri za zamani zikawa yatima: zimo kwenye kumbukumbu lakini sentensi yake ya asili haipo tena. OmegaT haizifuti, inazileta kama mifanano, basi tukazithibitisha upya moja baada ya nyingine huku tukinung'unika. Kuna aliyependekeza tubadilishe herufi moja kwa moja ndani ya faili ya kumbukumbu hiyo, `project_save.tmx`. Nikamzuia, maana faili hiyo ina Kiswahili pia, na kila "ch" yetu ingegeuka kituko.

Gharama watu huniuliza. Programu ni bure, hifadhi ya Git iliyotuunganisha ni bure, vifurushi vya intaneti kila mtu alijilipia, na mimi nilitumia kama elfu hamsini au zaidi kidogo kwa soda na chapati za gereji, maana mzee hakutoa istilahi kwa mkono mtupu. Ilikuwa fedha nzuri kuliko yote.

La mwisho. Mteja alituletea kumbukumbu ya tafsiri ya zamani iliyofanywa na wengine kabla yetu, na akasema tuiweke mahali inapojijaza yenyewe, yaani folda ya `tm/auto`, ili "tuokoe muda". Nikafungua kidogo kabla ya kukubali. Mle pini ya pistoni iliitwa kidole cha pistoni, kwa sababu палец ni kidole kwa mtu asiyewahi kufungua injini. Sikuitupa, maana majedwali na maonyo ya usalama yalikuwa mazuri. Niliiweka kwenye folda `tm/penalty-030`, ambayo hukata asilimia 30 kwenye kila mfanano unaotoka humo. Sentensi inayolingana kabisa inaonekana kama 70, haijijazi yenyewe, na mtafsiri analazimika kuisoma kabla ya kuichukua. Mteja aliuliza kwa nini asilimia zake ziko chini. Nikamtumia sentensi ya kidole, hakuuliza tena.