Swali la dada wa Keqiao

Tangu Jumanne kuna swali limenikaa kifuani. Harusi ya mtoto wa shemeji imepita salama, Baba Rehema ameutoa mzigo wake bandarini, na mimi bado naifungua simu kusoma mstari uleule: 你是学生吗? Yaani, wewe ni mwanafunzi?

Mnajua nilivyohangaika kutafuta mtu mpya wa mapazia ya kuzuia mwanga tangu yule wa zamani apandishe bei. Mama Nasra, ambaye shia zake zote, yale mapazia mepesi yanayopitisha mwanga, zinatoka Keqiao, ndiye aliyenitumia kadi ya huyu dada kwenye WeChat. Keqiao iko Shaoxing, mkoa wa Zhejiang, na wenye maduka ya vitambaa hapa Kariakoo wanalijua soko lake. Ukigusa kadi na kuomba kuongezwa, kuna kisanduku cha kujieleza kabla mtu hajakukubali. WeChat hukijaza yenyewe kwa 我是, yaani "mimi ni", na jina lako mbele. Ombi langu lilikwenda hivyohivyo, naye akakubali kabla sijamaliza chai.

Salamu ya kwanza aliniandikia Rehema, na aliiandika kwa moyo wake wote. Kichina chake ni cha Taasisi ya Konfusio pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwandiko wake hauna doa:

您好!我叫阿莎,来自坦桑尼亚。很高兴认识您,请多多关照!

Hujambo, naitwa Asha, natoka Tanzania, nimefurahi kukufahamu, naomba uniangalie kwa wema. Dada akajibu papo hapo: 你好,你是学生吗?我们不零售哦。 Hujambo, wewe ni mwanafunzi? Sisi hatuuzi rejareja.

Nilinyamaza. Rehema akasema, "Mama, hajakutukana, ameuliza tu." Najua hajanitukana. Lakini mimi nimelea watoto kwa majora ya pazia, mafundi wa Mbagala na Tegeta wananipigia kabla duka halijafunguliwa, halafu mtu ananiona binti anayetafuta mita tatu za dirisha la bweni. Usiku nilimjibu kichwani kila namna. Nilimjibu kwa ukali, nikamjibu kwa picha ya duka langu, nikamjibu kwa kumtaja Mama Nasra. Baba Rehema akaniuliza nazungumza na nani.

Karibu na alfajiri hasira ilipungua nikaanza kumwelewa. Wanafunzi wengi wa Kiafrika walioko China hununulia watu bidhaa ili wapate hela ya matumizi, na salamu yao huwa ni ileile ya somo la kwanza: jina, nchi, nimefurahi kukufahamu. Ukiisoma salamu yangu kama muuzaji, hakuna pazia ndani yake, hakuna duka, hakuna kiasi, wala mzigo uende wapi. Mtu ambaye simu yake inalia kutwa angenijuaje?

Tena kuna jambo ambalo wauzaji wa pale hawalisemi mapema, nalo ni hofu ya mteja wa nje. Wengi wao wamezoea kuuza ndani ya China. Wakisikia Tanzania, wanaona karatasi za forodha, meli, malipo ya kuzungushana, na mtu wa kumweleza kila kitu kwa lugha asiyoijua. Lakini mimi wakala wangu wa mizigo ana ghala Yiwu, mkoa huohuo wa Zhejiang. Dada akishaupeleka mzigo ghalani, ukiwa na alama yangu juu ya kila robota, kazi yake imeisha. Kwake yeye sina tofauti na mteja wa mji wa jirani, na hilo ndilo alilohitaji kulisikia kabla ya furaha yangu ya kumfahamu.

Jumatano niliandika mwenyewe. Nilisubiri saa tatu asubuhi, maana kwao inakuwa saa nane mchana na watu wameshatoka kwenye chakula na usingizi wa mchana. Kibodi ya pinyin haihitaji ujue kuchora herufi. Unaandika chuanglianbu kwa herufi zetu hizi, 窗帘布 inajitokeza juu, unaigusa. Rehema alikaa pembeni akinisahihisha:

您好,我不是学生,我是批发商,在坦桑尼亚达累斯萨拉姆的卡里亚库市场有店,做窗帘布。我在义乌有货代,货送到仓库就行。想要2.8米的遮光布,要现货,一个颜色起订多少米?

Nimeanza na kumjibu swali lake: mimi si mwanafunzi, ni mfanyabiashara wa jumla. Kisha duka liko wapi na linauza nini, kitambaa cha pazia. Kisha wakala wa Yiwu. Mwisho ninachotaka: kitambaa cha kuzuia mwanga cha upana wa mita 2.8, kilichopo tayari, na kiwango cha chini cha mita kwa kila rangi. Huo upana una maana yake. Kitambaa hulazwa ubavu, mita 2.8 zikawa ndio urefu wa pazia, fundi akakata kufuata dirisha bila kuunga. Anayeutaja anaonyesha kwamba amewahi kusimama mbele ya meza ya fundi. Jina langu sikuliweka kabisa, nikamwachia aulize.

Akauliza. 好的姐,怎么称呼您? Sawa dada, nikuite nani? Jamani! Jana nilikuwa mwanafunzi, leo ni dada, tena ameniandikia 您, ile "wewe" ya heshima. Nikamwambia 阿莎, nikamuuliza na mimi, 您贵姓? Hivyo ndivyo anavyoulizwa mtu ukoo wake kwa adabu. Akasema ni Chen. Basi ni Chen jie, dada Chen, na kwenye simu nimembadilishia jina hapohapo: Chen, Keqiao, pazia la giza. Naye bila shaka amenihifadhi kwa namna hiyohiyo, maana wauzaji wale wana wateja mamia na picha ya wasifu yenye maua haimkumbushi mtu biashara.

Bado sijamwamini kwa fedha. Kujuana kwenye simu hakuthibitishi kitambaa, kwa hiyo nimemwomba video, majora yakiwa ghalani na futi ikitandazwa toka pindo hadi pindo. Kikipungua hata vidole vichache, pazia linaishia juu ya sakafu na mteja ananirudishia. Jana jioni imekuja. Mkono wa mtu umeshikilia futi ya njano juu ya kitambaa cha kijivu, kamera inasogea polepole mpaka kwenye 2.8, halafu anawasha tochi ya simu nyuma yake na mwanga haupiti. Nimeitazama na Rehema mara nyingi, tukicheka kwa furaha, na rangi ya kijivu nimeshaichagua. Ya kahawia nasubiri sampuli, kwa sababu kahawia ya kwenye simu huwa haifanani na ile inayofika.

Mama wa Korogwe hapokei simu tangu jana mchana. Jirani anasema alimwona akienda shamba, lakini mvua zimekatika siku nyingi na sielewi anafuata nini huko, na ule mguu wake haujapona. Kaka naye simu yake imezimwa. Nitampigia mwenyekiti wa mtaa jioni, akikosa kunijibu nitapanda basi la asubuhi.