Nilivyoondoa maneno ya mapambo kwenye sivii ya mdogo wangu

Mdogo wangu anapokea asali kwenye ghala moja hapa Tabora. Alipoomba kazi ya usimamizi wa stoo, sivii yake ilianza hivi: "Nina shauku kubwa, ninajituma na ninalenga matokeo." Hakuna aliyeitwa kwenye usaili kwa mistari kama hiyo, maana hata mvivu huiandika.

Nilikata sentensi nzima, nikamuuliza: shauku hiyo ukiwa kazini inaonekanaje? Akajibu kwamba hupima unyevu wa kila ndoo kabla ya kuipokea, kwa sababu asali ikizidi asilimia 20 huchacha kirahisi. Basi tukaandika: "Nilipima unyevu wa kila ndoo na kutenga iliyozidi asilimia 20." Hapo hakuna sifa hata moja, lakini mwajiri anaona mtu makini.

"Ninalenga matokeo" ilitusumbua zaidi. Alitaka kuandika kwamba alipunguza hasara kwa nusu, nikakataa: hakuwa na daftari la kuthibitisha, na swali la pili tu la usaili lingemuumbua. Tukaweka alichoweza kukitetea: "Nilianzisha daftari la mapokezi linaloonyesha kila ndoo imetoka kwa mfugaji gani."

Kisha nikafuta "nilisaidia" na "nilishiriki" popote alipofanya mwenyewe. Nikaacha moja tu, kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka, kwa kuwa kweli alisaidia.

"Ninajituma" hatukuitafutia mbadala. Tuliifuta tu, na nafasi yake ikachukuliwa na daftari.